Nyota Nyekundu Ndiyo Yenye Joto Dogo

Katikati ya Februari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kundi la Jabari huwa karibu na utosi kwa mtu aliyesimama Nairobi, Mwanza au Mombasa. Kulitambua si kazi. Tafuta nyota tatu zilizopangana mstari mmoja mfupi. Huo ndio mshipi wake. Sasa toka kwenye mshipi uelekee kaskazini mpaka ukutane na nyota kali yenye rangi ya chungwa. Hiyo ni Ibuti la Jauza, ambayo kwenye programu za nyota za simu utaiona imeandikwa Betelgeuse. Rudi kwenye mshipi, uelekee kusini karibu umbali uleule, na utafika kwenye nyota nyingine kali, nyeupe yenye ubluu kidogo. Hiyo ni Rijili, na kwenye simu imeandikwa Rigel.

Nyota hizi mbili ziko katika kundi moja na macho huziona kwa pamoja, lakini rangi zao hazifanani hata kidogo. Wengi hudhani tofauti hiyo inatokana na umbali, au umri, au kwamba kila nyota inachoma kitu chake. Ukweli ni kwamba zote mbili zimeumbwa kwa sehemu kubwa na gesi zilezile, haidrojeni na heli. Kinachozitofautisha rangi ni joto la uso. Uso wa Ibuti la Jauza una joto la kelvini 3,600 hivi, na wa Rijili kelvini 12,000 hivi. Jua letu liko katikati, likiwa na kelvini 5,800 hivi. Kelvini moja ni sawa na nyuzi moja ya Selsiasi. Tofauti ni kwamba hesabu ya kelvini huanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri.

Kwa hiyo nyota nyekundu ndizo zenye joto dogo, na nyota za bluu ndizo zenye joto kali. Hili linapingana na mazoea yetu, kwa sababu kwenye mabomba ya maji rangi nyekundu ndiyo ya maji ya moto na bluu ni ya maji baridi. Mabomba yanafuata makubaliano ya watu. Nyota zinafuata kanuni ya fizikia, na kanuni hiyo inaweza kuonekana kwenye kiwanda cha mhunzi.

Chuma kwenye makaa

Mhunzi anapokiweka chuma kwenye makaa na kuvuta mivukuto, chuma hakiwaki mara moja. Mwanzoni kinakuwa cha moto wa kuunguza mkono bila kubadilika rangi. Kikifika nyuzi 700 hivi za Selsiasi, kinaonekana chekundu. Akiendelea kuvuta mivukuto, wekundu unageuka kuwa rangi ya chungwa, kisha manjano, na mwisho kinakaribia weupe. Mhunzi hana haja ya kipimajoto. Anaitazama rangi na kujua kama chuma kiko tayari kupigwa nyundo.

Sababu iko ndani ya chuma chenyewe. Joto ni mtikisiko wa chembe ndogondogo zinazounda kitu, na chembe hizo zina chaji za umeme. Chaji inayotikiswa hutoa mwanga. Mtikisiko ukiwa wa wastani, mwanga unaotoka ni wa mawimbi marefu, ambayo mengi yake jicho haliyaoni. Hayo ndiyo mawimbi ya infraredi, yale tunayoyahisi kama joto usoni tukikaa karibu na jiko. Mtikisiko ukizidi nguvu, mawimbi mafupi nayo yanaongezeka. Kwa jicho la binadamu, wimbi refu linaloonekana ni jekundu, na wimbi fupi ni la bluu na urujuani.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka. Kitu kinapozidi kupata moto hakiachi kutoa mwanga mwekundu ili kianze kutoa wa bluu. Mwanga wa kila rangi unaongezeka, ila ule wa mawimbi mafupi unaongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Tukichukua mita moja ya mraba ya uso wa Rijili na mita moja ya mraba ya uso wa Ibuti la Jauza, ile ya Rijili inatoa mwanga mwekundu mwingi kuliko ya mwenzake. Hata hivyo Rijili haionekani nyekundu, kwa kuwa mwanga wake wa bluu umeongezeka zaidi na kuufunika wekundu huo. Rangi tunayoiona ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwa pamoja.

Mwaka 1893 mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Wien aliiweka kanuni hii katika hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Chukua namba 2,900,000, uigawe kwa joto la kitu katika kelvini, na jibu litakuwa urefu wa wimbi ambalo kitu hicho hulitoa kwa nguvu kuliko mengine yote, kwa kipimo cha nanomita. Macho yetu huona mawimbi ya kuanzia nanomita 400 hivi, ambayo ni ya urujuani, hadi 700 hivi, ambayo ni mekundu.

Tulijaribu Jua kwanza. Gawanya 2,900,000 kwa 5,800, unapata 500, katikati kabisa ya mwanga unaoonekana. Ibuti la Jauza, kwa kelvini 3,600, inatupa nanomita 805 hivi. Hapo tumeshapita wekundu na kuingia kwenye infraredi. Hii ina maana kwamba sehemu kubwa ya mwanga wa nyota hiyo hatuioni. Jicho linapata kipande tu cha upande wa mawimbi mafupi, ambamo wekundu na rangi ya chungwa ndizo zilizojaa. Rijili, kwa kelvini 12,000, inatupa nanomita 240 hivi, ndani ya urujuanimno. Nayo pia inaficha sehemu kubwa ya mwanga wake, ila kwa upande wa pili, na kipande kinachotufikia machoni kimeelemea bluu.

Kwa nini hakuna nyota ya kijani

Msomaji makini atauliza: ikiwa wimbi la Jua lenye nguvu kuliko yote ni la nanomita 500, na hiyo ni rangi ya kijani inayokaribia bluu, mbona Jua si la kijani? Jibu ni kwamba wimbi hilo linaongoza, lakini haliko peke yake. Jua hutoa rangi zote kwa wingi, nyekundu, manjano, kijani na bluu, kwa viwango visivyopishana sana. Jicho likizipokea zote pamoja huona weupe. Kwa nyota zote zenye joto la kiasi hicho mambo ni hayohayo, kwani mwanga unaozunguka kijani pande zote mbili huwa mwingi mno kiasi cha kuimeza. Ndiyo maana safu ya rangi za nyota huanzia wekundu, ikapita kwenye chungwa na manjano, ikafika weupe na kuishia kwenye weupe wenye ubluu, bila kijani kuonekana popote.

Kanuni hii ina mpaka wake pia. Inahusu kitu kizito au kinene kinachowaka kwa joto lake chenyewe, kama chuma, nyuzi ya taa ya zamani au uso wa nyota. Haihusu moto wa jiko la gesi. Ule mwali wa bluu unatoka kwa molekuli za gesi inayoungua, ambazo kila aina yake hutoa rangi zake maalumu hata kama joto halijafika mbali. Joto la mwali huo halizidi kelvini 2,300 hivi, na chuma chenye joto hilo kingewaka kwa rangi ya chungwa. Anayeutumia mwali wa gesi kuthibitisha kwamba bluu ni moto zaidi amefikia jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi.

Mpaka mwingine uko ndani ya macho yetu. Usiku jicho hutegemea zaidi seli zinazonasa mwanga hafifu, na seli hizo hazitambui rangi. Seli za rangi zinahitaji mwanga wa kutosha. Ndiyo sababu nyota nyingi tunaziona nyeupe tu, ingawa zina rangi. Kilimia ni mfano mzuri: nyota zake kuu zina joto linalokaribiana na la Rijili, lakini kwa kuwa mwanga wake ni hafifu, ubluu wake hauonekani vizuri kwa macho matupu. Mwenye darubini ndogo ya mkononi anaweza kujisaidia kwa njia rahisi. Aielekeze kwenye Ibuti la Jauza, kisha aizungushe gurudumu la kulenga kidogo ili nyota ipoteze ukali na kutanuka kuwa duara dogo la ukungu. Mwanga uliokuwa umebanwa kwenye nukta moja utasambaa, na rangi ya chungwa itajitokeza wazi. Akihamia kwenye Rijili bila kugusa lenzi, ataona tofauti papo hapo.

Kupima rangi bila kulitegemea jicho

Kwa wanaastronomia, kusema nyota ni nyekundu au ya bluu hakutoshi, kwani wekundu wa mtu mmoja unaweza kuwa uchungwa kwa mwingine. Wao hupiga picha ya nyota mara mbili: mara moja kupitia chujio linaloruhusu mwanga wa bluu peke yake, na mara nyingine kupitia chujio la mwanga wa kati, wa kijani na manjano. Kisha wanalinganisha kiasi cha mwanga katika picha hizo mbili. Nyota ya moto sana hung'aa zaidi kwenye picha ya bluu, na nyota yenye joto dogo hufifia sana kwenye picha hiyohiyo. Uwiano huo ni namba, na namba hiyo ndiyo inayobadilishwa kuwa joto.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kujua nyota iko mbali kiasi gani. Umbali hupunguza mwanga wa bluu na wa manjano kwa kiwango kilekile, kwa hiyo uwiano haubadiliki. Kuna vitu viwili, hata hivyo, vinavyoweza kuuharibu.

Cha kwanza ni hewa yetu wenyewe. Nyota ikiwa karibu na upeo, mwanga wake hupita kwenye hewa nene, na hewa hutawanya bluu zaidi kuliko nyekundu. Nyota nyeupe inaweza kuonekana ya manjano au yenye wekundu, kama Jua linavyobadilika likizama. Shira, nyota kali kuliko zote usiku, hata humetameta nyekundu, kijani na bluu kwa zamu inapokuwa chini, kwa sababu hewa inayochezacheza huitenganisha mianga yake. Namna ya kujua ukweli ni kusubiri. Nyota ikipanda juu na rangi ikatulia kuwa nyeupe, ilikuwa hewa. Ibuti la Jauza hubaki na uchungwa wake hata ikiwa utosini.

Cha pili ni vumbi lililo angani kati ya nyota na nyota. Mwaka 1930 Robert Trumpler alithibitisha kwamba vumbi hilo limetapakaa katika Njia Nyeupe na linapunguza mwanga wa nyota za mbali. Nalo huzuia bluu zaidi ya nyekundu. Nyota ya moto iliyo nyuma ya wingu la vumbi inaweza kuonyesha rangi ya nyota yenye joto dogo, na kusubiri ipande juu hakutasaidia lolote.

Hapo kinahitajika kipimajoto cha pili. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kifaa kinachoutawanya kuwa spektra, yaani utepe wa rangi zake zote, unaonekana umekatwakatwa na mistari myeusi. Mistari hiyo huachwa na atomi na molekuli zilizo kwenye tabaka la nje la nyota, ambazo hunyonya mwanga wa mawimbi maalumu. Mwaka 1925 Cecilia Payne, akiwa Harvard na akitumia nadharia ya mwanafizikia wa Kihindi Meghnad Saha, alionyesha kwamba tofauti nyingi za mistari hiyo kati ya nyota na nyota hazitokani na tofauti ya viungo bali na joto. Molekuli ya oksidi ya titani, kwa mfano, huvunjika joto likizidi. Ikiwa mikanda yake imejaa kwenye spektra, uso wa nyota hauwezi kuwa na joto kubwa, na Ibuti la Jauza inayo kwa wingi. Mistari ya heli hutaka joto kali, na hiyo inapatikana kwenye Rijili. Vumbi linaweza kuibadilisha rangi ya nyota, lakini haliwezi kumpachikia mwanga mistari ya atomi ambayo haikuwamo. Rangi ikisema joto ni dogo na mistari ikisema joto ni kubwa, mwanaastronomia anajua kuna vumbi njiani, na anaweza kukadiria hata wingi wake.

Joto dogo, mwanga mkubwa

Mtu anaweza kushangaa: ikiwa Ibuti la Jauza ina joto dogo hivyo, imewezaje kuwa miongoni mwa nyota kali za usiku? Nguvu inayotoka kwenye uso huongezeka upesi sana kwa joto. Joto likiwa mara mbili, nguvu huwa mara 16. Kwa kuwa uso wa Rijili una joto mara tatu na zaidi, kila mita ya mraba yake hutoa nguvu mara 120 hivi ya mita ya mraba ya Ibuti la Jauza. Lakini Ibuti la Jauza ina mita za mraba nyingi kupita kiasi. Ni jitu ambalo upana wake ni mamia ya mara ya upana wa Jua. Ingewekwa mahali pa Jua, Dunia yetu ingekuwa ndani yake.

Kuna nyota nyekundu za namna nyingine kabisa. Proksima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, ina joto la kelvini 3,000 hivi, kwa hiyo ni nyekundu vilevile. Upana wake ni takriban sehemu moja ya saba tu ya upana wa Jua, na bila darubini huwezi kuiona kabisa. Rangi inazifanya zifanane ilhali moja ni jitu linalokaribia mwisho wake, na nyingine ni kibeti kitakachoendelea kuwaka kwa mabilioni na mabilioni ya miaka. Rangi inataja joto la uso. Ukubwa na umri vinatafutwa kwa njia nyingine.

Ibuti la Jauza ilipofifia

Miezi ya mwisho ya mwaka 2019 na ya mwanzo ya 2020 iliweka vipimajoto hivi kwenye mtihani. Ibuti la Jauza ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imebaki na karibu theluthi moja tu ya mwanga wake wa kawaida. Hata watazamaji wasio na vifaa waliona kwamba Jabari limebadilika sura. Swali likawa ni nini kimetokea. Je, uso wote wa nyota umepoa, au kuna kitu kimejitokeza mbele yake?

Maelezo haya mawili hutabiri mambo tofauti. Kama uso mzima umepoa kiasi cha kusababisha hasara hiyo, mikanda ya oksidi ya titani ingepaswa kuzama zaidi. Tarehe 14 Februari 2020 Emily Levesque na Philip Massey waliipima spektra ya nyota hiyo kwa darubini ya kituo cha Lowell, Arizona. Walipata joto la kelvini 3,600. Mwaka 2004 walikuwa wamepata 3,650. Upungufu wa kelvini 50 ungepunguza nguvu yote inayotoka kwenye nyota kwa asilimia 5 au 6 tu, na hata tukikumbuka kwamba mwanga unaoonekana hupungua zaidi ya hapo, theluthi mbili haziwezi kupotea kwa sababu hiyo. Wao wakaelekeza kidole kwenye vumbi.

Picha zilizopigwa kwa darubini kubwa ya Chile, zikachapishwa mwaka 2021 na kundi lililoongozwa na Miguel Montargès, zilionyesha kwamba nyota haikufifia sawasawa: upande wake wa kusini ndio uliokuwa mweusi zaidi. Maelezo ya kundi hilo ni kwamba nyota ilikuwa imetema bonge la gesi, kisha kipande cha uso kilicho chini yake kikapoa, na upoaji huo ukaifanya gesi igande kuwa vumbi. Kupoa na vumbi vyote vilihusika, lakini kupoa kulikuwa kwa sehemu moja, wala si kwa nyota nzima. Katikati ya mwaka 2020 nyota ilikuwa imerudia mwanga wake.

Wakati ule watu wengi walitumaini kwamba kufifia huko ni dalili ya mlipuko, kwa sababu Ibuti la Jauza ni aina ya nyota ambayo mwisho wake ni kulipuka, pengine ndani ya miaka 100,000 ijayo. Kwa habari hiyo rangi haina msaada. Mwanga unaotufikia unatoka kwenye tabaka la nje tu, ilhali mlipuko utaanzia kwenye kiini, chini ya mamilioni ya kilomita za gesi. Siku kiini kitakapoanguka, uso utaendelea kuwa na uchungwa wake kwa saa nyingi kabla wimbi la mlipuko halijaufikia. Habari ya kwanza italetwa na chembe ziitwazo nyutrino, zinazopenya gesi hiyo bila kuzuiwa, na mwanga utakuja baadaye.